Kabla ya kulipia kozi, fungua kazi yake ya mwisho

Nilikwenda kwenye ule usaili nikiwa na vyeti 14. Nilianza kuvikusanya Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nikarudi nyumbani Mwanza, na sikuacha hata baada ya kuhitimu. Uchambuzi wa data, Excel ya juu, SQL, Python kwa wanaoanza, usimamizi wa miradi. Vyote nilivichapisha kwa rangi, nikaviweka kwenye faili la plastiki. Kampuni yenyewe ilikuwa ya usambazaji wa vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, mwaka 2023, na ilitafuta mtu wa kukaa na takwimu za mauzo.

Kaka aliyenisaili alilisogeza faili pembeni bila kulifungua, akanigeuzia kompyuta yake. "Hapa kuna majedwali mawili, wateja na mauzo. Wateja wako 300. Naomba orodha ya wale ambao hawakununua chochote mwezi Machi. Una nusu saa, na ukitaka kutafuta kitu mtandaoni, tafuta."

Swali nililielewa mara moja. Nilijua inahitajika LEFT JOIN, amri ya kuunganisha majedwali mawili, na mojawapo ya vyeti vyangu vya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, kilitaja hilo kwa jina. Nikaandika hivi:

```sql
SELECT w.jina
FROM wateja w
LEFT JOIN mauzo m ON m.mteja_id = w.id
WHERE m.tarehe BETWEEN '2023-03-01' AND '2023-03-31'
  AND m.id IS NULL;
```

Jibu likaja tupu. Hakuna hata mstari mmoja. Nikabadilisha hiki na kile kwa dakika kumi, nikipapasa tu, na jibu likabaki tupu. Mwishoni nikamwambia kwamba inaonekana wateja wote walinunua Machi.

"Ungejuaje kama ni kweli?" akaniuliza.

Sikuwa na la kusema. Akachukua kibodi, akahesabu wateja walionunua angalau mara moja mwezi huo. Wakatoka 211. "Wako 300, walionunua ni 211. Kwa hiyo tunatafuta watu 89. Orodha yako ina sifuri." Hakunidharau. Alinieleza kosa lilipo, akanishukuru kwa kufika, nikaondoka.

Nalieleza kosa hilo kwa kirefu kwa sababu ndani yake ndimo nilipoona kozi zangu zilinipa nini na zilininyima nini. LEFT JOIN huwabakiza wateja wote, hata asiye na mauzo. Huyo asiye na mauzo upande wake wa mauzo hujazwa NULL, yaani hakuna kitu. WHERE, sehemu inayochuja mistari, hufanya kazi baada ya kuunganisha, kwa hiyo mstari wangu ulidai tarehe iwe ya Machi na papo hapo mauzo yasiwepo. Hayo mawili hayawezi kukutana kwenye mstari mmoja. Sharti la tarehe lilipaswa kukaa ndani ya ON, ili mauzo ya Machi peke yake ndiyo yatafutwe wakati wa kuunganisha, kisha WHERE ichague waliokosa:

```sql
LEFT JOIN mauzo m
  ON m.mteja_id = w.id
  AND m.tarehe BETWEEN '2023-03-01' AND '2023-03-31'
WHERE m.id IS NULL;
```

Mstari mmoja umehama kutoka chini kwenda juu, basi. Lakini kuuhamisha kunahitaji uwe umeshawahi kupata jibu tupu ukiwa peke yako, ukalitilia shaka, ukatafuta njia ya pili ya kuhesabu kitu kilekile. Mimi nilikuwa na vyeti 14 na sikuwahi kufika hapo hata siku moja.

Niliporudi Mwanza nilifungua tena ile kozi ya SQL. Nilitaka kuona kama mada hii ilifundishwa, maana moyoni nilikuwa nimeanza kuilaumu. Ilifundishwa. Video ya dakika saba, mwalimu anaeleza vizuri kabisa. Kisha likaja zoezi, na nilipoliona nikakumbuka kwamba nililipata kwa asilimia 100. Lilikuwa hivi:

```sql
SELECT w.jina FROM wateja w
____ JOIN mauzo m ON m.mteja_id = w.id;
```

Juu yake maandishi yanasema: "Tumia aina ya JOIN inayobakiza wateja wote." Unaandika LEFT, kinatokea kijani, unaendelea. Mazoezi yote ya kozi ile yalikuwa ya namna hiyo, sentensi nzima imeandikwa tayari nawe unajaza neno moja. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa maswali 20 ya kuchagua, kufaulu ni asilimia 80, na unaruhusiwa kurudia hadi upite. Mara ya kwanza nilipata 13. Nikarudia siku ileile nikapata 17, kwa kuwa majibu ya mara ya kwanza yalikuwa bado kichwani. Cheti kikatoka saa hiyohiyo.

Usiku ule nilichukua daftari nikaorodhesha vyeti vyote 14, na mbele ya kila kimoja nikaandika jambo moja ninaloweza kulifanya kwenye skrini tupu, bila video na bila kunakili kazi ya mtu. Mbele ya vitatu niliandika kitu. Kozi hizo tatu hazikuwa za majina makubwa kuliko nyingine, na moja yake ilikuwa ya bure kabisa. Zilifanana kwa jambo moja: mwishoni kila moja ilinitaka nitengeneze kitu kizima kuanzia mwanzo, na njiani nilikwama siku kadhaa.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kulipa na kabla ya kuangalia video ya kwanza, naitafuta kazi ya mwisho ya kozi. Kozi nyingi hukuruhusu kupitia mada zake zote kabla ya kulipia, au angalau huonyesha maelezo ya mradi wa mwisho. Nikiisoma kazi ile najiuliza maswali machache tu. Je, naanza na ukurasa mweupe, au nusu imeshaandikwa? Data ninayopewa ni safi kama iliyopigwa pasi, au ina majina yaliyoandikwa kwa namna mbili na tarehe zilizokosewa? Na nikikosea, kuna kitu kitakachonionyesha kosa, au nitaambiwa tu "jaribu tena"? Kozi isiyo na kazi ya mwisho naihesabu kama mfululizo wa video. Hakuna ubaya kutazama video, nimejifunza mengi kwazo, ila silipii cheti chake.

Mfano wa kozi niliyoipima hivi ikapita ni ya Chuo Kikuu cha Harvard, ile ya hifadhidata na SQL iliyo katika familia ya kozi za CS50. Kila wiki ina kazi zinazokupa hifadhidata na maswali, nawe unaandika kila kitu mwenyewe, na mwishoni unabuni hifadhidata yako kuanzia sifuri. Mihadhara yake iko wazi bila malipo. Wiki ya kwanza nilitumia saa nyingi kwenye kazi kuliko kwenye mihadhara, na tangu hapo uwiano huo ndio kipimo changu. Kozi ikiwa na saa kumi za video na dakika arobaini za mazoezi, najua nitatoka nikiwa naifahamu sauti ya mwalimu kuliko kazi yenyewe.

Kuhusu vyeti vyenyewe kuna jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema. Viko vya aina mbili, na sisi huvichanganya kwa kuwa vyote tunaviita cheti. Kimoja kinasema ulimaliza kozi. Kingine kinasema ulifanya mtihani mbele ya msimamizi, ukatambuliwa kwa kitambulisho chako, na ungeweza kufeli. Wahasibu wa Tanzania wanaufahamu mtihani wa namna hiyo kupitia bodi yao, NBAA, kwa ajili ya CPA. Kwenye mitandao ya kompyuta kuna CCNA ya Cisco, ambayo hata ukiipata hudumu miaka 3 kisha inakubidi uihuishe. Mwajiri anayeona CCNA anajua kuna mlango uliowarudisha wengine. Akiona cheti cha kumaliza anajua tu kwamba ulifika mwisho. Vyangu vyote 14 vilikuwa vya kumaliza, nami nilivipanga kwenye wasifu wangu kana kwamba ni vya mtihani. Cha kumaliza nacho kina kazi yake, mathalani kumwonyesha mkuu wako kwamba ile siku ya mafunzo aliyokupa uliitumia. Ila hakiwezi kubeba mzigo wa kingine.

Uwezo wenyewe niliupata kwenye daftari la shangazi yangu.

Shangazi ni mtunza hazina wa VICOBA ya akina mama 28. Hukutana kila Jumamosi, hisa moja ni shilingi 5,000, na mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Kumbukumbu zote zilikuwa kwenye madaftari makubwa mawili, moja la hisa na jingine la mikopo. Nilimwomba aniazime, nikaingiza kila kitu kwenye SQLite, programu ya bure isiyohitaji seva wala mtandao, inayofanya kazi hata kwenye kompyuta chakavu kama yangu. Kuingiza tu kulinichukua siku nne, kwa sababu mwanachama mmoja ameandikwa Mama Zuhura ukurasa huu, jina lake la ubatizo ukurasa ule, na kwingine kwa herufi mbili tu. Hakuna kozi yangu hata moja iliyowahi kunipa data ya namna hiyo. Ilibidi nikae na shangazi, kalamu mkononi, tukimtambua mtu mmoja mmoja.

Kisha nikaandika swali la kwanza, jumla ya hisa na jumla ya mikopo ya kila mwanachama:

```sql
SELECT w.jina, SUM(h.kiasi), SUM(m.kiasi)
FROM wanachama w
JOIN hisa h ON h.mwanachama_id = w.id
JOIN mikopo m ON m.mwanachama_id = w.id
GROUP BY w.id;
```

Ikatoka safi, imejipanga, majina na fedha. Nikampelekea shangazi kwa furaha. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye karatasi, hakumaliza hata nusu.

"Hawa ni wangapi?"

Nikahesabu. Walikuwa 19.

"Sisi tuko 28. Wengine umewapeleka wapi? Na mimi hapa umeniandikia nimekopa milioni moja na laki sita. Mwanangu, milioni moja na laki sita kikundi hiki kingenipa mimi?"

Tukafungua daftari. Tangu mzunguko uanze alikuwa amenunua hisa moja kila Jumamosi kwa wiki 10, yaani 50,000. Alikopa mara mbili, 60,000 akalipa, kisha 100,000. Jumla ya mikopo ni 160,000. Karatasi yangu ilisema hisa zake ni 100,000 na mikopo 1,600,000.

Siku ile sikutafuta video. Nilitoa SUM zinazojumlisha na mstari wa GROUP BY, nikaomba kila mstari uonekane kama ulivyo, kwa shangazi peke yake. Ikatoka mistari 20. Pale ndipo nilipoelewa. Kila hisa kati ya zile 10 imeungana na kila mkopo kati ya ile 2. Hisa kila moja imehesabiwa mara mbili, mkopo kila mmoja mara kumi. Na wale tisa waliopotea hawakuwahi kukopa, kwa hiyo JOIN ya kawaida iliwatupa nje. Dawa yake ni kujumlisha kila daftari peke yake:

```sql
SELECT w.jina,
  (SELECT SUM(kiasi) FROM hisa
    WHERE mwanachama_id = w.id) AS hisa,
  (SELECT SUM(kiasi) FROM mikopo
    WHERE mwanachama_id = w.id) AS mikopo
FROM wanachama w;
```

Wakatoka 28, fedha zikalingana na daftari hadi shilingi ya mwisho. Tangu siku ile sijawahi kuunganisha majedwali bila kwanza kuandika kwenye karatasi nategemea mistari mingapi. Tabia hiyo haikutoka kwenye kozi. Imetoka kwa mtu anayezijua fedha zake, aliyeyasoma majibu yangu akasema hapana.

Hicho ndicho ninachokitafuta sasa kabla ya kuanza kozi yoyote: nani atasoma kazi nitakayoitoa, na je, anaweza kuniambia nimekosea? Awe ni mwenye duka, mhasibu wa kanisa au msikiti, mwalimu wa takwimu za mahudhurio, yeyote mwenye kumbukumbu zake na anayezijua. Kama hayupo, naiahirisha kozi hadi nimpate. Wengine wataona ni masharti makali. Kwangu yameniokolea bando na mishahara, maana nilipokaa chini kuhesabu nilichowahi kulipia vyeti pamoja na intaneti, nilikuta ningeweza kununua kompyuta nyingine iliyotumika.

Jambo jingine lililobadilika ni namna ninavyosoma. Zamani nilikuwa narudia video. Nikiitazama mara ya pili kila kitu kinaonekana kimeeleweka, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kifungu kimoja walikisoma tena, kingine walikifunga na kuandika wanachokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, walikikumbuka zaidi walichokisoma tena. Waliopimwa baada ya siku mbili, na baada ya wiki, walikikumbuka zaidi kile walichojipima. Nilipoisoma habari hiyo niliuona mtihani wangu wa maswali 20, nilioufanya mara mbili jioni moja. Ulipima zile dakika tano, na usaili ukaja kunipima miezi mingi baadaye.

Sasa nikimaliza somo nafunga kila kitu. Siku ya tatu nafungua ukurasa mtupu na kujaribu kufanya jambo lilelile kwa data ya kikundi, si ya kozi. Nikishindwa, najua ni sehemu gani nirudie, na mara nyingi ni dakika mbili za video, si video nzima. Nikiweza, naenda mbele. Mwendo umekuwa wa polepole kiasi cha kunikera mwanzoni, kwani kozi niliyozoea kuimaliza kwa wikiendi mbili ilinichukua miezi mitatu. Mjomba aliniuliza mbona siku hizi sionyeshi vyeti vipya. Nilimwonyesha karatasi ya kikundi.

Nina dokezo kwa anayetafuta kazi sasa hivi na ambaye hana muda wa kusubiri. Kwenye wasifu wangu nilifuta vyeti 11, nikabakiza vile vitatu, na chini yake nikaandika sentensi tatu kuhusu kazi ya VICOBA: wanachama 28, madaftari mawili, makosa niliyoyapata na namna nilivyoyagundua. Majina na kiasi cha fedha cha kila mtu sikuviweka, hizo ni siri za akina mama. Usaili uliofuata, kwenye kampuni nyingine hapa Mwanza, waliniuliza kuhusu sentensi hizo kwa karibu dakika ishirini. Walitaka nieleze mistari 20 ilitoka wapi. Niliichora kwenye karatasi, hisa upande huu, mikopo upande ule, mishale katikati. Kazi nilipata, na ndiyo ninayoifanya hadi leo.

Mwezi uliopita shangazi alikuja na swali jipya. Anataka kujua ni mikopo ipi ambayo kati ya rejesho moja na jingine zimepita siku zaidi ya 30, kwa sababu kwenye mkutano watu wanabishana kwa kumbukumbu za kichwani. Nilijaribu kwa ninayoyajua nikashindwa, kwani inabidi kila rejesho lijue tarehe ya lile lililolitangulia. Nikatafuta, nikagundua chombo chake kinaitwa LAG, na kipo kwenye kozi moja ya SQL ya juu yenye masomo 42. Nilipitia orodha, nikachukua mawili, la LAG na la PARTITION BY inayotenganisha mkopo mmoja na mwingine, nikayafanyia kazi kwa wiki moja na marejesho ya kikundi:

```sql
LAG(tarehe) OVER (
  PARTITION BY mkopo_id ORDER BY tarehe)
```

Mara ya kwanza nilisahau PARTITION BY, na rejesho la mwanachama mmoja likapimwa na rejesho la mwenzake lililolitangulia kwa tarehe. Shangazi aliliona kabla yangu. Kozi ile bado inaniandikia kwamba nimefika asilimia 5, na kila wiki inanikumbusha nirudi nimalize. Jumamosi iliyopita orodha ilisomwa mkutanoni. Mikopo minne ilikuwa imepitisha siku 30, mmoja wake ni wa shangazi mwenyewe, akasimama akaukubali.